Gharama ya Gari Moja: Hesabu ya Kaizen na Fungu la Mfanyakazi

Neno Kaizen si geni tena katika viwanda vyetu. Tangu mwaka 2013 Serikali ya Tanzania, kwa ushirikiano na Japani, imekuwa ikifundisha njia hiyo viwandani, na mafundisho yenyewe huanza, kama inavyopasa, kwa usafi na utaratibu: kila spana mahali pake, njia ya kupita iwe wazi, kisichotumika kiondolewe. Kwa sababu hiyo wako wenzetu wengi wanaodhani kwamba Kaizen ni ufagio. Leo twapenda kuzungumza juu ya upande wake wa pili ambao hausemwi sana mbele ya wafanyakazi, nao ni daftari la hesabu. Huko Japani, katika viwanda vya magari, Kaizen ina hesabu yake maalumu iitwayo genka kaizen, maana yake kuipunguza gharama hatua kwa hatua. Hesabu hiyo humwambia kila msimamizi wa karakana mwanzoni mwa mwaka: gari moja lililopita mikononi mwenu mwaka jana lilitugharimu kiasi hiki, mwaka huu ligharimu kiasi kile. Kisha kila mwezi humwuliza amefika wapi.

Yafaa tuanze kwa kupambanua mambo matatu ambayo Wajapani wenyewe huyatenga. La kwanza ni genka kikaku, ambayo ni kuipanga gharama ya gari lingali katika karatasi za wachoraji, kabla ya bati la kwanza kukatwa. La pili ni genka iji, yaani kuilinda gharama isipande. La tatu ndilo hili tunalolizungumza, kuipunguza gharama ya kitu ambacho tayari kinatengenezwa kila siku. Profesa Yasuhiro Monden na mwenzake Hamada waliyaeleza mambo hayo kwa kirefu katika makala yao ya mwaka 1991 juu ya kampuni za magari za Japani, na tangu hapo watu wa nchi nyingine wamepata kuielewa hesabu hii vizuri zaidi.

Tofauti ya hilo la pili na la tatu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtunza hesabu wa desturi ya zamani huweka kiwango: kiti kimoja kitumie kitambaa mita kadha, dakika kadha. Mfanyakazi asipovuka kiwango, hakuna anayemsumbua, akivuka, huulizwa. Kiwango hicho chaweza kukaa mwaka mzima bila kuguswa, na karakana ikaonekana njema ijapokuwa haijajifunza lolote. Hesabu ya Kaizen haikubali hayo. Kwake, kufikia kiwango cha jana ni kusimama. Kipimo chake si kile kilichoandikwa na mhandisi ofisini bali ni gharama halisi iliyotumika mwaka uliopita, na kazi ni kushuka chini yake.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe kwa mfano. Mfano huu tumeubuni sisi, na tarakimu zake tumezichagua ziwe nyepesi kushikika, lakini hatua zake ndizo zinazofuatwa.

Tuseme kiko kiwanda cha magari kilichotengeneza magari 100,000 mwaka jana. Ukichukua gharama zote zinazokwenda na kila gari, yaani mabati, rangi, vitambaa, vipuri, na dakika za mikono ya watu, zilikuwa yeni 400,000 kwa gari moja. Mwaka huu kiwanda chatazamia kutengeneza magari 120,000. Hatua ya kwanza ni kuuliza: kama hatutajifunza jambo lolote jipya, tutatumia kiasi gani? Jibu ni yeni 400,000 mara magari 120,000, nayo ni yeni bilioni 48. Huo ndio msingi.

Hatua ya pili ni kutafuta kiasi cha kupunguza. Hapa watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba mkubwa huamka asubuhi akataja asilimia. Katika kampuni zinazoifanya hesabu hii kwa makini, kwanza hupimwa faida inayotakiwa mwaka huu, halafu faida inayotazamiwa kwa hali ilivyo, na pengo lililo kati yake ndilo linalogawanywa: sehemu izibwe kwa kuuza zaidi, na sehemu izibwe kwa kupunguza gharama. Tuseme sehemu iliyoangukia gharama ni yeni bilioni 2.4. Ukiilinganisha na msingi wa bilioni 48 utaona ni asilimia 5, na kwa gari moja ni yeni 20,000.

Hatua ya tatu ni kuugawa mzigo huo kwa karakana. Mgawo hufuata gharama ambazo kila karakana inazitawala yenyewe. Twasisitiza maneno hayo, inazitawala yenyewe. Fundi wa kushona viti haamui bei ya bati, wala mpaka rangi hana neno juu ya mshahara wa mlinzi wa lango. Karakana ya viti, ambayo tutaifuata kuanzia hapa, hutumia yeni 50,000 katika kila gari, yaani sehemu moja katika nane ya zile 400,000. Basi fungu lake ni moja katika nane ya bilioni 2.4, nayo ni yeni milioni 300. Ukizigawanya kwa magari 120,000 wapata yeni 2,500 kwa gari. Msimamizi wa karakana haandiki ukutani kwamba lazima waokoe milioni 300, kwa kuwa tarakimu hiyo haimwambii mshoni chochote. Huandika: kutoka 50,000 hadi 47,500 kwa gari moja.

Kabla hatujaingia karakanani, iko mitego miwili ya hesabu ambayo kila mjumbe wa kamati ya wafanyakazi yampasa kuijua, maana mtu asiyeijua aweza kushangilia ushindi usiokuwapo.

Mtego wa kwanza umo katika gharama zisizokwenda na idadi ya magari. Karakana ya viti ina nyumba, ina mashine zilizokwisha kununuliwa, ina wasimamizi wa mshahara wa mwezi. Tuseme vyote hivyo hula yeni milioni 600 kwa mwaka, yatengenezwe magari mengi au machache. Mwaka jana, kwa magari 100,000, fungu la kila gari lilikuwa yeni 6,000. Mwaka huu, kwa magari 120,000, fungu hilo hushuka lenyewe hadi 5,000. Yeni 1,000 zimeanguka na hakuna aliyesogeza hata meza. Meneja mjanja akizichanganya gharama hizo na zile za kila gari, atasimama mbele ya mkutano aseme karakana imepunguza gharama. Ubaya wake hauishii hapo. Ataona kwamba njia rahisi ya kushusha gharama ya kipande kimoja ni kutengeneza vipande vingi, viuzwe visiuzwe, na utashangaa kuona ghala limejaa viti ilhali karatasi ya hesabu yasema mambo ni mazuri. Ndiyo maana katika njia hii gharama zinazokwenda na kazi huwekewa lengo kwa kila kipande, lakini zile zisizobadilika huwekewa lengo kwa jumla yake: milioni 600 zishuke ziwe milioni 580, kwa mfano, na idadi ya magari isiingizwe kabisa katika mazungumzo hayo.

Mtego wa pili ni wa tarehe. Lengo la yeni 47,500 ni wastani wa mwaka mzima, au ni mahali pa kufika Desemba? Mambo hayo mawili si sawa hata kidogo. Karakana ikishuka polepole kwa hatua zinazolingana kuanzia 50,000 mwezi Januari hadi 47,500 mwezi Desemba, wastani wake wa mwaka utakuwa karibu na 48,750, na akiba yake itakuwa nusu tu ya zile milioni 300. Hapo ndipo ofisi na karakana hugombana kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ni mwongo. Karakana imefika ilikoambiwa ifike. Ofisi haioni fedha. Dawa yake ni kuandika tangu Januari ni lipi linalotakiwa. Likitakiwa la wastani, basi kazi kubwa ifanywe katika miezi ya mwanzo, kwa sababu badiliko lililofanywa Januari hulipa miezi kumi na miwili, na badiliko hilo hilo likifanywa Novemba hulipa miezi miwili. Katika mfano wetu wamekubaliana wastani.

Haya, tuingie karakanani. Zile yeni 50,000 zimegawanyika hivi: vitambaa, sponji, vyuma na maboksi ni 32,000, dakika za washoni ni 15,000, yaani dakika 100 kwa gari kwa yeni 150 kila dakika, na 3,000 zilizobaki ni uzi, sindano, na viti vilivyoharibika vikarudiwa.

Waliangalia kitambaa kwanza, na sababu ni wazi. Gari moja lilitumia mita 9, kila mita yeni 2,000. Mkataji aliyekuwa hapo miaka mingi alijua jambo ambalo halikuwamo katika daftari lolote: vipande vya mgongo wa kiti vilipangwa juu ya kitambaa vyote vikielekea upande mmoja, na kati yake pakabaki pembe zilizotupwa. Vikigeuzwa kimoja juu kimoja chini, vinakaa kama samaki katika kopo. Alizuiwa na nini siku zote hizo? Nyuzi za kitambaa zina mwelekeo, na kipande kilichogeuzwa hung'aa tofauti kidogo kikiangaliwa kwenye jua. Basi walijaribu, wakaona kwamba vipande vya upande wa nyuma wa kiti, visivyoonekana, vinaweza kugeuzwa bila dosari, na vya mbele viachwe kama vilivyokuwa. Mita 9 zikawa mita 8.4. Yeni 1,200 kwa kila gari, bila kumwongezea mtu yeyote hatua moja ya kazi. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo Kaizen iliyo safi kuliko zote, maana kilichopungua ni takataka.

Maboksi yalikuwa jambo jepesi. Sponji ilikuja katika maboksi ya karatasi yaliyofunguliwa na kuchomwa. Wakapatana na mwenye kuileta atumie makreti ya plastiki yanayorudi kwake. Yeni 400. Viti vilivyoharibika vilichukua muda mrefu zaidi kwa sababu ilibidi kwanza kuandika kila kimoja kimeharibika wapi na saa ngapi, na baada ya wiki sita ikadhihirika kwamba vingi vyatoka katika mashine mbili ambazo sindano zake hubadilishwa zikivunjika tu. Wakaanza kuzibadilisha kwa saa, kabla hazijavunjika. Sindano zilizonunuliwa zikawa nyingi zaidi, na bado gharama ikashuka kwa yeni 700.

Tunakuja sasa kwenye zile dakika, na hapa twaomba msomaji atembee nasi taratibu, kwa kuwa hapa ndipo hesabu inapomgusa mtu.

Washoni walikuwa wakiinuka kwenda kuchukua vipande rafuni, wakirudi, wakitafuta upande wa kulia na wa kushoto, ndipo washone. Rafu zikasogezwa, vipande vikapangwa kwa mfuatano wa ushonaji, na dakika 100 zikawa 92. Dakika 8 kwa yeni 150 ni yeni 1,200. Karatasi huandika hivyo mara moja. Lakini je, fedha hizo zipo? Mshoni hulipwa kwa siku nzima, si kwa dakika. Akimaliza mapema akasimama, kiwanda hakikuokoa hata senti. Taiichi Ohno, aliyeijenga njia ya uzalishaji ya Toyota, alilishikilia sana jambo hili: ukipunguza tisa katika kumi ya kazi ya mtu mmoja, mtu huyo angali anahitajika. Dakika nane zilizotawanyika nusu nusu katika viti kumi na sita vya washoni ni hewa. Huwa fedha pale tu kazi inapogawanywa upya, mabaki ya muda yakakusanywa mahali pamoja, na mtu mzima mmoja akaweza kuondoka kwenye mstari.

Aondoke aende wapi? Hilo ndilo swali.

Tulihesabu. Kwa saa 2,000 za kazi kwa mtu kwa mwaka, magari 100,000 ya mwaka jana kwa dakika 100 kila moja yalihitaji washoni 83. Magari 120,000 ya mwaka huu kwa dakika zile zile yangehitaji 100. Kwa dakika 92 yanahitaji 92. Basi katika mwaka wa kazi kuongezeka, hakuna mshoni aliyepoteza kazi. Kiwanda kimeajiri watu tisa badala ya kumi na saba. Lakini tuseme soko limelala na magari ni 100,000 tena. Dakika 92 zitahitaji watu 77 tu, na washoni sita katika wale 83 watakuwa wamezidi. Ni akili ile ile, rafu zile zile, washoni wale wale waliotoa shauri. Mwaka mmoja shauri lao limewaletea wenzi tisa, na mwaka mwingine limewatoa sita. Karatasi ya gharama kwa gari haionyeshi tofauti hiyo hata kidogo. Katika miaka yote miwili imeandika yeni 1,200.

Historia ya Toyota yenyewe inalifundisha jambo hili vizuri kuliko sisi. Mwaka 1950, kampuni ikiwa karibu kufilisika, kulikuwa na mgomo, watu wengi wakaondolewa kazini, na Kiichiro Toyoda, mwanzilishi wa kampuni hiyo ya magari, akajiuzulu uongozi. Mwaka uliofuata, 1951, ndipo ulipoanzishwa utaratibu wa wafanyakazi kutoa mashauri ya kuboresha kazi. Na mwaka 1962 chama cha wafanyakazi na kampuni walitoa tamko la pamoja juu ya kuaminiana kati ya pande mbili hizo. Hatudhani kwamba mambo hayo yalifuatana kwa bahati. Mtu hawezi kukuonyesha mahali ambapo kazi yake ina nafasi tupu, ikiwa anajua nafasi hiyo itakuwa kaburi la ajira yake. Aliyeiona siri hiyo hunyamaza, na hesabu ya Kaizen hufa kwa njaa, kwa kuwa chakula chake ni siri za namna hiyo.

Hata hivyo tusiifanye Toyota kuwa pepo. Mwandishi wa habari Satoshi Kamata aliingia humo mwaka 1972 kama kibarua wa msimu, akafanya kazi kwenye mstari kwa miezi sita, kisha mwaka 1973 akatoa kitabu kilichoeleza uchovu, maumivu, na mwendo wa mstari uliokuwa ukizidi kuharakishwa. Dakika hupungua kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuondoa jambo lisilo na faida, kama kule kwenda rafuni. Ya pili ni kumfanya mtu afanye yale yale kwa kasi zaidi. Daftari huziandika njia zote mbili kwa wino mmoja.

Je, mtu aliye nje atazitambuaje? Iko alama moja ambayo sisi twaiamini. Muulize msimamizi: dakika hizi nane zimetoka katika tendo gani? Kama zimetoka katika takataka, atakutajia bila kusita: hatua kumi na mbili za kwenda rafuni, kutafuta kipande cha kushoto, kugeuza kiti mara mbili. Akikosa tendo la kutaja, basi zimetoka katika mwili wa mtu. Alama nyingine huja baadaye: viti vilivyoharibika huanza kuongezeka tena, watu wanaolala nyumbani kwa maumivu ya mgongo huwa wengi, wageni huacha kazi kabla ya kumaliza miezi mitatu. Gharama hizo haziandikwi katika karatasi ya karakana ya viti. Huandikwa kwa mganga, na kwa ofisi ya kuajiri, na kwa mteja anayerudisha gari. Karakana huonekana imeshuka, kumbe imemsukumia jirani mzigo.

Turudi kwenye ukuta wa karakana yetu, ambapo maendeleo yalikuwa yakiandikwa. Miezi mitatu ya kwanza wastani ulikuwa yeni 49,200, kwa kuwa kitambaa ndicho kilichoanza na rafu zilikuwa hazijasogezwa zote. Miezi mitatu ya pili kitabu cha mtunza hesabu kilionyesha 46,900, na watu wakafurahi mno, maana lengo lilikuwa 47,500 na mwaka ungali nusu. Mtunza hesabu mmoja mwangalifu akaomba radhi akawaharibia furaha. Bei ya sponji ilikuwa imeshuka sokoni, na kushuka huko kulipunguza yeni 1,000 kwa kila gari. Hakuna mtu wa karakana aliyefanya hilo. Kwa desturi ya hesabu hii bei hushikwa zile za mwaka jana mpaka mwisho, ili kinachopimwa kiwe ni kazi ya watu na si upepo wa soko. Basi tarakimu iliyoandikwa ukutani ilikuwa 47,900. Twaona alifanya haki. Na haki hiyo hukata pande mbili, kwani kama sponji ingepanda kwa yeni 1,000 karakana ile ile ingekuwa imelaumiwa bure.

Miezi mitatu ya tatu wastani ulikuwa 46,800, na ya mwisho 46,500, zile akiba nne zote zikiwa zimekwisha kukaa mahali pake: kitambaa 1,200, dakika 1,200, viti vilivyoharibika 700, maboksi 400. Kwa kuwa magari yalitengenezwa kwa idadi moja katika kila robo ya mwaka, wastani wa mwaka mzima ulikuwa 47,600. Walikosa yeni 100 kwa gari, na kwa magari 120,000 ni milioni 12 katika zile milioni 300. Wakaulizwa kwa nini, wakajibu kwamba sababu ni zile wiki sita za kuandika makosa ya mashine, na jibu hilo likakubaliwa, maana bila wiki hizo sindano zisingegunduliwa.

Limebaki jambo la mwaka mpya. Msingi mpya ni upi, 47,600 au 46,500? Ukianzia kwenye wastani, karakana inapewa yeni 1,100 za bure, maana siku ya kwanza ya Januari tayari imo katika 46,500. Ukianzia mahali ilipofika, unachukua kweli yote waliyoipata, na unawaambia waanze tena kutoka chini. Kampuni iliyo kali huchagua la pili, nasi twakubali kwamba ndilo la haki kwa hesabu. Ila yafaa wakubwa wafahamu linavyosikika masikioni mwa mshoni. Akijua kila alichokiokoa kinageuzwa kuwa msingi wa kudaiwa zaidi, atajifunza kuweka akiba: shauri moja alitoe mwaka huu, la pili alifiche mwakani, asije akafika Januari mikono mitupu. Tena asilimia 5 kwa karakana iliyokwisha kubanwa miaka mitano si sawa na asilimia 5 kwa karakana ambayo haijaguswa. Ya kwanza haina tena vipande vya kugeuza juu chini. Ikilazimishwa asilimia ile ile kwa ajili ya usawa wa karatasi, itaipata pale tulipokwisha kutaja, katika migongo ya watu au katika ubora wa mshono. Kwa sababu hiyo wasimamizi wa karakana huketi kwanza na mtunza hesabu, wakaonyesha takataka iliyobaki ni kiasi gani na iko wapi, ndipo fungu lao liandikwe.

Katika mkutano wa Januari wa karakana yetu ya viti, msingi uliandikwa 46,500. Washoni walikuwa na swali moja kabla ya lengo jipya kutajwa: mwaka huu yanatazamiwa magari mangapi?